Tangi Lisilooshwa

Hospitalini walimwita Sikio, kwa sababu hakuwa na haja ya kufungua injini ili ajue inaumwa wapi. Alisimama mlangoni, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani, kisha akasema: "Nozeli ya tatu." Ukifungua, ni nozeli ya tatu. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa jenereta wa hospitali ile, na jenereta yenyewe ilikuwa na umri mkubwa kuliko wauguzi wengi waliopita mbele yake wakiziba pua.

Waliziba pua kwa haki. Mashine ile ilikunywa dizeli na kutema moshi mweusi kama chungu cha kuni, na bomba lake la moshi lilikuwa hatua nne tu kutoka dirisha la wodi ya watoto njiti. Aliyeijenga wodi pale hakuwa amefikiria jenereta, na aliyeiweka jenereta pale hakuwa amefikiria wodi. Umeme ulipokatika, na ulikatika kila wiki, Sista Mkuu wa wodi alifunga dirisha, akatia taulo mbichi chini ya mlango, na bado jioni alipofuta kioo kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilitoka na masizi.

Siku moja alikileta kitambaa hicho kwenye chumba cha jenereta, akakitandaza juu ya meza ya Sikio, juu ya spana zake.

"Hiki ndicho wanachovuta wanangu," alisema. "Mtoto ana kilo moja na robo, mapafu yake laini kama utando wa yai, halafu unamvutisha bomba la lori. Wewe si fundi? Fanya ufundi."

Sista alikuwa hana mtoto wa kumzaa, ila kila aliyepita wodini mwake alikuwa wake mpaka siku ya kuruhusiwa. Sikio hakukitupa kitambaa kile.

Ndivyo alivyofika kwa Mama Mafuta.

Mama Mafuta alikuwa mjane aliyekuwa akifundisha kemia sekondari. Sasa alikuwa na banda nyuma ya soko ambamo alipokea mafuta ya kukaangia yaliyokwisha kutumika kutoka hotelini, akayachuja, akayachanganya na spiriti ya methanoli na magadi makali, akasubiri glisirini, uji mzito unaojitenga, ituame chini, akayaosha kwa maji na kuyakausha. Kilichobaki juu kilikuwa bayodizeli, rangi ya asali nyepesi. Mwenyewe aliita "mafuta yangu," kama mtu asemavyo kuku wangu.

Alimweleza Sikio bila kupamba. Mafuta haya yana oksijeni ndani yake yenyewe, kwa hiyo huungua vizuri zaidi. Masizi hupungua karibu nusu, gesi ya sumu ile ya kaboni hupungua, salfa hakuna kabisa. "Lakini si maji ya baraka," alisema. "Gesi moja, oksidi za naitrojeni, huongezeka kidogo. Nguvu yake ni pungufu kidogo ya dizeli, utajaza mara nyingi zaidi. Na hayakai mwaka mzima kwenye tangi, yanaharibika. Hata ile kaboni wanayosema mmea uliinyonya kutoka hewani, ni kweli, ila kuna spiriti yangu na gari la kukusanyia, navyo vinahesabika. Mimi siuzi miujiza."

"Na injini?"

"Injini ya zamani kama yako itafanya kazi nayo vizuri. Shida iko kwenye njia ya kufika kwenye injini." Alihesabu kwa vidole. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta huvimba na kulainika, ibadilishwe yote iwekwe ile inayostahimili. Koki za shaba zitolewe, ziwekwe za chuma cha pua. Kisha akashika kidole cha tatu, akakishikilia muda mrefu. "Na tangi lioshwe. Hapa nisikilize, kaka yangu. Dizeli ya miaka thelathini imeacha utando kwenye kuta za tangi lako, tope limelala chini. Dizeli yenyewe inapita juu yake tu, hailisumbui. Haya yangu ni kama sabuni. Yatalibandua tope lote na kulipeleka kwenye filta. Kama huwezi kuosha, basi anza na sehemu moja ya tano ya mafuta yangu na nne za dizeli, upande polepole, na uwe na filta za akiba hata sita. Lakini ukitia yangu matupu, bila dizeli, kwenye tangi chafu, umejitafutia."

Akamwandikia yote kwenye fomu, na mbele ya kila jambo kisanduku cha kutia alama.

Sikio alibadilisha mipira yote. Alibadilisha koki. Alifanya kazi hiyo kwa raha, akipiga mluzi, kwa sababu mara hii alikuwa akirekebisha kitu ambacho mtu alikuwa amemwomba. Likabaki tangi. Kuliosha kulihitaji siku mbili bila jenereta, na siku hizo mbili ilibidi aziombe kwa Katibu wa hospitali, na Katibu alikuwa mtu wa "lete barua." Sista naye alikuwa akipita mlangoni kila asubuhi: "Bado tu?" Wodini walikuwa watoto saba.

Kwa hiyo Sikio alifanya alichozoea. Alichukua nyundo ndogo, akaligonga tangi toka juu hadi chini huku sikio limebandikwa kwenye bati. Likalia vizuri. Akajiambia, hili ni safi. Akatia alama kwenye kisanduku cha tatu: tangi limeoshwa. Akatia sahihi. Na kwa kuwa Sista alitaka moshi uishe, si upungue, hakuchanganya. Alitia matupu.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama harusi. Umeme ulikatika mara mbili, na bomba likatoa kijimoshi chembamba chenye harufu ya kukaanga. Dereva wa gari la wagonjwa, mzaha mdomoni siku zote, alisimama chini ya bomba akanyoosha sahani: "Wekea na mimi vipande viwili." Sista alifuta kioo jioni, akaja na kitambaa chake. Kilikuwa na kijivu kidogo pembeni. Alimshika Sikio bega tu, akaondoka haraka, na Sikio aligundua kwamba mama yule alikuwa akilia.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, umeme ulikatika.

Jenereta iliwaka yenyewe kama kawaida. Sikio alikuwa kibarazani anakunywa chai. Zilipita kama dakika ishirini, kisha akasikia injini inapanda. Ikashuka. Ikapanda tena, ikashuka zaidi, kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Kikombe kilimtoka mkononi. Alijua kabla hajafika mlangoni. Injini ilikuwa inakosa mafuta.

Ikazima.

Alifungua filta, ilikuwa nzito kama iliyojaa udongo. Akaweka mpya, ya akiba, moja pekee aliyokuwa nayo. Akatoa hewa kwenye mfumo kwa pampu ya mkono, vidole vinateleza, akawasha. Dakika kumi na moja. Injini ikaguruma, taa zikarudi, kutoka wodini akasikia sauti za watu wakishusha pumzi. Halafu, baada ya dakika sita, ikaanza tena. Ikapanda, ikashuka. Filta mpya nayo ilikuwa imeziba.

Mwishowe alikata mpira, akaupitisha moja kwa moja kwenye dumu la dizeli lililokuwa stoo, bila filta, akijua anaihatarisha pampu. Injini ikawaka na moshi wake mweusi wa zamani. Mara zote mbili zikijumlishwa, wodi ilikuwa imekaa bila umeme dakika ishirini na tatu. Betri za mashine za kupumulia zilikuwa zimekufa siku nyingi, na kila mtu alijua.

Watoto watatu walikuwa kwenye mashine hizo. Wauguzi walikuwa wawili, Sista na mwenzake. Kila mmoja alishika mfuko wa kupumulisha kwa mkono na mtoto mmoja. Wa tatu alishikwa na mama yake mwenyewe. Sista alimwonyesha mara moja, "bonyeza hivi, hesabu hivi, usiache," akarudi kwa wake. Yule wa tatu hakufika saa sita.

*

Kuanzia siku ile Sikio hakulala vizuri, lakini usiku haukuwa mbaya kuliko mchana. Mchana ndio uliokuwa na sauti. Alisikia injini inapanda na kushuka kwenye cherehani ya fundi nguo wa jirani. Aliisikia kwenye maji ya bomba yanayokatika. Alikuwa amekaa mezani na mkewe, mkewe akipuliza chai, na Sikio akasimama ghafla, akashika mlango.

"Wapi?" mkewe aliuliza.

"Inazima."

"Nini inazima, baba watoto? Ni mimi napuliza chai."

Alikaa. Mkono wake ulikuwa ukitafuta spana isiyokuwepo. Mkewe aliweka kikombe chini. "Una jambo," alisema. "Likiwa la kuambiwa, niambie. Likiwa si la kuambiwa mimi, kamwambie linayemhusu. Nyumba hii ni ndogo, hatuwezi kukaa watatu."

Hospitalini hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomtafuna. Katibu alikuwa ameandika ripoti ndani ya siku nne, ukurasa mmoja na nusu: chanzo cha tukio ni mafuta mbadala yasiyo na ubora. Alimwita Sikio ofisini, akamwonyesha ile fomu yenye visanduku.

"Wewe uko salama kabisa," Katibu alisema, akigonga sahihi kwa kalamu. "Mipira, umebadilisha. Koki, umebadilisha. Tangi, umeosha. Fundi kafanya yake. Mafuta ndiyo yaliyotuangusha." Akashusha sauti, kama anayempa zawadi. "Na mafuta hayana mke wala watoto wa kulishwa."

Sikio alitazama alama ile ya wino. Aliona jinsi mkia wake ulivyopinda, maana siku ile aliitia akiwa amesimama, na haraka. Akasema, "Sawa, Katibu." Maneno mawili. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini ulimi wake ulikuwa mwepesi hivyo.

Amri ikabandikwa ubaoni: mafuta yote yatokanayo na mimea ni marufuku. Dereva wa gari la wagonjwa aliisoma kwa sauti. Gari lake lilitumia petroli ya kituoni ambayo sehemu moja ya kumi ilikuwa ethanoli ya miwa, kama magari yote mjini.

"Kwa hiyo mimi nikatafute petroli wapi? Mwezini?" alisema. "Gari hili linakunywa kipombe chake kila siku, halijawahi kupepesuka. Lile la zamani ndilo lililolewa. Kabureta ya mwaka arobaini na saba, mipira ya enzi hizo, likaegeshwa masika nzima. Ile spiriti ikavuta maji ya hewani, maji yakatuama chini ya tangi, siku ya kuwasha likakohoa likafa. Sasa niambieni, kosa la muwa au kosa la aliyeliegesha?" Akamgeukia Sikio, akicheka. "Eti, Sikio?"

Sikio aliondoka. Dereva aliacha kucheka.

Dizeli ilirudi. Sista akarudi kwenye taulo mbichi. Aliacha kuja kwenye chumba cha jenereta. Sikio alimwona tu kupitia dirishani, akifuta kioo, akikitazama kitambaa, akikikunja kwa ndani ili mama wa watoto wasione. Na sokoni, banda la Mama Mafuta lilikuwa na kufuli. Wenye mabasi madogo waliokuwa wateja wake walikuwa wamerudisha madumu, na mtu alikuwa ameandika neno "MUUAJI" kwenye mlango wa bati kwa mkaa. Sikio alipita pale siku moja akaona Mama Mafuta amejaribu kulifuta, likawa limeenea tu. Alisimama mbele ya mlango ule mpaka muuza vitunguu akamuuliza kama amepotea.

Filta zile mbili alikuwa nazo. Alizifunga kwenye gazeti siku ile ile, akazificha nyuma ya kabati la vifaa. Hakuwa amezifungua. Kila alipoingia kazini alijua ziko pale kama mtu anavyojua kuna nyoka ndani, hata akiwa hamwoni.

*

Mwezi wa pili tangu siku ile ukiingia, alimkuta mwanamke amekaa kwenye benchi la ukuta wa nyuma wa chumba cha jenereta, mahali ambapo mgonjwa hana sababu ya kukaa. Alikuwa kijana, kadi ya kliniki mapajani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakunja na kukunjua. Unakunja, unakunjua, kwa mwendo ule ule, na midomo yake ilikuwa inahesabu.

Sikio aliutazama mkono ule.

"Shikamoo, baba," mwanamke alisema. "Wewe ndiye wa mashine?"

"Marahaba, binti yangu. Ndiye mimi."

"Nilitaka tu kuiona. Wanasema mafuta yalikuwa mabaya."

"Nani wanasema?"

"Wote. Katibu alituita, akatusomea. Mume wangu amekubali." Alitazama bomba la moshi, kisha dirisha la wodi. "Lakini wale wawili wengine nao walikaa bila umeme vile vile, na wazima. Wale walishikwa na wauguzi. Wangu nilimshika mimi. Mafuta hayakuwa mkononi mwangu, baba. Mfuko ndio ulikuwa mkononi mwangu." Mkono uliendelea kukunja. "Mama mkwe wangu anasema kuna mikono haijaandikiwa kulea. Nimekuja kumuuliza Sista kama nilibonyeza vibaya, ila nikifika mlangoni miguu inakataa. Wewe ulisikia? Wanasema wewe unasikia kila kitu. Ulisikia kama nilikosea kuhesabu?"

Sikio alifungua mdomo. Alitaka kusema yote, pale pale. Kilichotoka kilikuwa, "Hukukosea, binti yangu."

"Umejuaje?"

Angeeleza alivyojua, angelazimika kumtaja aliyekosea. Mwanamke alisubiri, akaona hapati kitu, akakusanya kadi yake, akaaga kwa adabu. Alipokuwa akienda mkono ulikuwa bado unafanya kazi ubavuni mwake, na Sikio akajua kwamba kile alichokuwa akikisikia kwenye cherehani na kwenye maji, huyu binti alikuwa nacho mwilini, na kwamba alikuwa amekibeba kwa niaba yake.

Siku hiyo hiyo alitoa filta nyuma ya kabati, akazikata kwa msumeno.

Karatasi za ndani zilikuwa zimejaa ute mweusi. Aliupeleka puani. Haukunuka mafuta ya kukaanga. Ulinuka dizeli kuukuu na kutu. Alifungua koki ya chini ya tangi, akapokea bakuli la kile kilichobaki: tope lile lile. Alikaa kitako sakafuni, bakuli kati ya miguu. Alikuwa amejua muda wote, lakini kujua ni kitu kimoja na kuwa na uchafu wenyewe mikononi ni kingine.

Alianza na Sista. Alimkuta anapima maziwa kwenye bomba la sindano.

"Tangi sikuliosha," alisema. "Niliandika nimeosha. Mafuta hayakuwa na kosa. Niliambiwa, nikaelezwa kwa vidole, nikaona mimi najua zaidi."

Sista hakuinua macho mpaka maziwa yalipofika kwenye mstari. Kisha akaweka sindano chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza 'bado tu' kila asubuhi," alisema.

"Wewe uliuliza. Mimi ndiye niliyejibu."

"Unataka nikusamehe?"

"Hapana. Nataka uje Alhamisi kwenye kamati ya hospitali, nitasema yote pale."

Sista aliichukua tena sindano. "Toka wodini mwangu," alisema polepole. "Unanuka dizeli." Lakini Alhamisi alikuja.

Kamati ilikuwa watu watano, meza ndefu, Katibu katikati, na daktari wa watoto pembeni akiwa na usingizi wa zamu. Mama Mafuta aliitwa pia, akakaa karibu na mlango, mkoba magotini, kama mtu aliyejiandaa kufukuzwa. Sikio alileta chupa mbili za kioo, moja ya dizeli na moja ya bayodizeli iliyobaki kwenye dumu. Alichota tope la tangi kwa kijiko, akatia kiasi sawa kila chupa, akazitikisa, akaziweka mbele yao.

"Tungoje kidogo," alisema.

Walingoja. Kwenye dizeli lile tope lilishuka chini vipande vipande, likalala, mafuta juu yake yakabaki yanapitisha mwanga. Kwenye bayodizeli vipande vilianza kulegea, vikatoa wingu, na chupa nzima ikawa nyeusi kama kahawa.

"Huo uchafu si wa mafuta ya huyu mama," Sikio alisema. "Ni wa dizeli ya miaka thelathini. Mafuta yake yaliubandua tu, kama alivyoniambia yatabandua. Aliniambia nioshe tangi, au nichanganye kidogo kidogo na niwe na filta sita. Nilikuwa na filta moja. Tangi nililigonga kwa nyundo. Alama ile kwenye fomu ni uongo, na sahihi ni yangu."

Katibu aliishika fomu kana kwamba imemuunguza. "Unajua unachosema? Unajua unajifanyia nini?"

"Najua, Katibu. Na betri za mashine zilizokufa, niliziripoti mara tatu, zimo kwenye daftari langu. Hizo si kosa langu, lakini sizitaji ili nipunguziwe. Nazitaja kwa sababu zinaweza kuua tena."

Daktari aliivuta ile chupa nyeusi, akaigeuza. "Tukirudi kwenye mafuta haya na tangi safi?" aliuliza. Hakumuuliza Sikio, alimuuliza Mama Mafuta.

Mama Mafuta aliongea kwa mara ya kwanza. "Masizi yatapungua, hamtayamaliza. Naitrojeni itaongezeka kidogo, kwa hiyo bomba lihamishwe mbali na dirisha kwa vyovyote vile. Msiweke akiba kubwa, nitawaletea kidogo kidogo, kila mwezi. Na atakayeosha tangi," alisema, bila kumtazama Sikio, "nitamsimamia kwa macho yangu."

Mambo yalikuwa hivi. Ripoti iliandikwa upya. Bomba la moshi lilirefushwa likapelekwa juu ya paa upande wa pili. Betri zilinunuliwa. Tangi lilikatwa mlango, likaoshwa siku mbili, jenereta ya kuazima ikinguruma uani. Lilitoka tope la ndoo kumi na moja. Mama Mafuta alisimama pale siku zote mbili na mwavuli, na Sikio alipomsalimia hakuitika. Hakuitika kwa karibu mwaka mzima. Sikio aliendelea kumsalimia. Alishushwa cheo, akawekwa chini ya fundi kijana aliyemfundisha mwenyewe, na faili lake likapelekwa kwa wanasheria, ambako lilikaa juu yake kama wingu lisilonyesha. Injini alikuwa bado anaisikia ikipanda na kushuka. Hakutegemea iache.

Lakini kabla ya yote hayo, jioni ya ile Alhamisi, aliuliza njia mpaka akafika nyumba ya yule binti.

Alikaribishwa sebuleni, kochi lenye vitambaa vya kufuma. Mama mkwe alikuwepo, mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, akichambua mchele kwenye ungo. Binti alileta maji. Sikio hakuyagusa.

"Binti yangu, uliniuliza nimejuaje," alisema. "Nimejua kwa sababu aliyekosea ni mimi." Akaeleza. Tangi, nyundo, alama, filta moja. Alieleza bila kuficha na bila kulia, maana alijua akilia watalazimika kumbembeleza. "Mtoto wako alihitaji umeme dakika zile ishirini na tatu. Umeme ulikuwa wangu. Leo baada ya kamati Sista amenithibitishia, mkono wako ulifanya kazi ya muuguzi. Ulimweka hai kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa."

Binti alikaa chini, pale pale alipokuwa, sakafuni. Mikono ya mama mkwe ilikuwa imesimama juu ya mchele.

"Umekuja nyumbani kwangu," mama mkwe alisema hatimaye, "kuniambia wewe ndiye uliyemuua mjukuu wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na unakaa kwenye kochi langu."

Sikio alisimama. Mama mkwe naye alisimama, punje zikamwagika, akapita mbele yake mpaka mlangoni, akaushika kama anayetaka kumfungulia. Halafu hakufungua. Alibaki amewapa mgongo, kipaji cha uso kimegusa ubao wa mlango.

"Nilimwambia maneno," alisema kwa sauti ndogo, si kwa Sikio. "Huyu mtoto wa watu. Nilimwambia maneno mabaya."

Sikio alitafuta viatu vyake kwa macho, akaona si mahali pake tena kuwepo. Alipoinama kuvichukua, binti alisema, "Usiondoke."

"Binti yangu, nimesema nililokuja kusema."

"Umetuambia sisi." Alikuwa bado sakafuni, amekumbatia magoti, na macho yake yalikuwa makavu na makali. "Mume wangu anatoka kazini saa kumi na mbili. Atakukuta hapa. Na yeye utamwambia, yote, kama ulivyoniambia mimi. Sitaki kumwambia mimi. Nimechoka kusema."

Sikio aliweka viatu chini. Ilikuwa bado kama saa nzima. Akakaa, safari hii kwenye kigoda kando ya mlango, na watu watatu wale wakangoja.